Umanufaa na Maadili ya Wajibu: Kulipima Jedwali kwa Kisa cha Mashua

Mwalimu mwenzangu, ikiwa ulisoma kozi ya falsafa ya elimu, bila shaka unaikumbuka slaidi yenye safu mbili: umanufaa upande mmoja, wajibu upande wa pili. Watahiniwa nao hukumbana na suala hilo hilo wanapoulizwa iwapo mhusika fulani alikuwa na haki ya kutenda alivyotenda. Slaidi hiyo kwa kawaida huwa hivi:

| Swali | Umanufaa (Bentham, Mill) | Wajibu (Kant) |
|---|---|---|
| Tendo ni jema kwa sababu gani? | Huleta furaha kubwa zaidi kwa wote wanaohusika | Hufuata kanuni ambayo kila mtu angeweza kuifuata |
| Mtu huchukuliwaje? | Kila mmoja huhesabiwa kuwa mmoja | Kamwe asitumiwe kama chombo tu |
| Katika kisa kigumu? | Okoa wengi | Usiue |

Safu mlalo mbili za kwanza hazina kasoro kubwa. Ile ya tatu ndiyo inayopotosha. Hebu tuipime kwa kisa kilichotokea kweli.

Mnamo Mei 1884 meli ndogo iitwayo Mignonette ilitoka Uingereza kwenda Australia ikiwa na watu wanne: nahodha Dudley, mabaharia Stephens na Brooks, na kijana Richard Parker aliyekuwa na umri wa miaka 17. Tarehe 5 Julai ilizama, maili 1,600 hivi kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Wanne hao wakabaki katika mashua iliyo wazi wakiwa na mikebe miwili ya mboga na bila maji ya kunywa. Walimpata kasa mmoja, wakamla. Baadaye chakula kikaisha kabisa. Siku ya 20 Dudley, kwa kukubaliana na Stephens, alimuua Parker aliyekuwa amelala hoi kwa ugonjwa. Brooks hakuafiki mauaji hayo, ila alikula pamoja nao. Siku ya nne baadaye meli ikawaokoa.

Ukilisoma jedwali kwa pupa, utasema mwanaumanufaa anawaachilia kwa kuwa watatu ni zaidi ya mmoja. Lakini mwanaumanufaa makini hahesabu waliomo mashuani peke yao. Yeye pia atauliza: itakuwaje baharini kila nahodha akijua kwamba njaa ikimbana anaruhusiwa kumchagua aliye dhaifu? Mill mwenyewe alithamini kanuni zilizotokana na tajriba ya wanadamu, na kanuni ya kutoua ni mojawapo. Kwa hivyo mwanaumanufaa anaweza kumlaumu Dudley bila kuisaliti nadharia yake.

Sasa tugeukie upande wa pili. Kwamba Kant angelilaani tendo hilo si jambo la kubishaniwa: Parker aligeuzwa chakula, wala hakuulizwa. (Hata angalikubali, Kant angeendelea kupinga, kwani aliamini mtu hana ruhusa ya kuyatoa maisha yake mwenyewe hivyo.) Hata hivyo, mnamo 1797 Kant aliandika kuhusu aliyevunjikiwa na meli, akamsukuma mwenzake kutoka kwenye ubao ili ajiokoe. Alisema mtu huyo ana hatia, lakini sheria haiwezi kumwadhibu, maana tishio la kunyongwa kesho halimzuii anayezama sasa. Je, slaidi yako ilikueleza hayo? Yangu haikunieleza.

Unaona basi kwamba hukumu pekee haikuambii nadharia iliyoizaa. Kinachotenganisha ni sababu, na njia rahisi ya kuipata ni kubadilisha jambo moja katika kisa. Tuseme moshi wa meli umeonekana upeoni dakika chache kabla ya kisu. Kwa mwanaumanufaa kila kitu kimebadilika, kwani hakuna tena faida ya kuua. Kwa Kant hakuna kilichobadilika. Tendo lilikuwa ovu tangu awali. Sasa tuseme waliomo ni watu 30 badala ya wanne. Mizani ya kwanza inatikisika tena, ya pili imetulia tuli.

Mtahiniwa anayetetea au kulaumu uamuzi wa mhusika afanye vivyo hivyo: ataje jambo ambalo lingebadilika, aonyeshe iwapo hoja yake ingebaki imesimama. Anayeandika tu kwamba mhusika "alifuata umanufaa kwa sababu aliokoa wengi" ameinakili safu ya tatu ya jedwali.

Ama Dudley na Stephens, walishtakiwa Uingereza na Brooks akatoa ushahidi. Jaji Mkuu Coleridge aliuliza ni nani mwenye haki ya kupima thamani ya maisha ya mtu na ya mwenzake, na kwa kipimo gani. Mnamo Desemba 1884 walihukumiwa kifo. Adhabu hiyo ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi sita.