R Mraba Ikipanda, F Ikashuka

Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, meno yenye madoa ya kahawia si jambo geni. Chanzo chake ni floraidi iliyozidi katika maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuuzunguka mlima huo huvuka kiwango hicho.

Tuseme tumepima visima 20, tukataka kukisia floraidi kwa vigezo vinne: mwinuko, kina, sodiamu na kalsiamu. Hesabu hii ni ya mfano tu, ila vigezo vina mantiki. Kalsiamu huinasa floraidi na kuifanya ituame, kwa hiyo maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo hubaki nayo. Regresheni inatoa R mraba ya 0.45, yaani vigezo vyetu vinaeleza asilimia 45 ya tofauti za floraidi kati ya kisima na kisima.

Je, hiyo inatosha? R mraba peke yake haiwezi kujibu, maana hata vigezo visivyohusika kabisa huokota kitu kwa bahati. Wastani wa kinachookotwa hivyo ni k/(n − 1), ambapo k ni idadi ya vigezo na n ni idadi ya visima. Kwetu ni 4/19, karibu 0.21. Kipimo cha F ndicho kinachouliza kama tumeizidi bahati kwa kiasi cha kuaminika:

```
F = (R²/k) / ((1 − R²)/(n − k − 1))
```

Juu tunapata 0.45/4 = 0.1125, chini, 0.55/15 = 0.0367. F ni 3.07. Jedwali, kwa digrii za uhuru 4 na 15 na kiwango cha asilimia 5, linadai 3.06. Tumevuka kwa unywele.

Sasa mtu aongeze joto la maji, umri wa kisima na umbali kutoka barabarani. R mraba inapanda hadi 0.52, naye anafurahi. Lakini F ni (0.52/7)/(0.48/12), yaani 1.86, wakati jedwali sasa linadai 2.91. Bahati pekee ingempa R mraba ya wastani wa 0.37. Vigezo vitatu vimeleta maelezo kidogo mno kwa gharama ya digrii tatu za uhuru, na modeli nzima haitofautiki tena na kubahatisha. Ningerudi kwenye vinne bila kusita.

F ikivuka, inasema angalau kigezo kimoja kina kazi, lakini haisemi kipi. Sodiamu na kalsiamu zikienda pamoja, F yaweza kuwa kubwa huku kila kimoja, kikipimwa huku kingine kikiwa ndani ya modeli, kikionekana dhaifu. Tena hesabu hii yote inadhani kila kisima kinajitegemea. Visima vitano vinavyochota mwamba mmoja si ushahidi wa visima vitano. Tukivihesabu hivyo, n inavimba na F pamoja nayo, na 3.07 yetu haina nafasi ya kupunguzwa hata kidogo.