Pindua Chungu Usome Kitako

Bernard Leach na Mjapani Shoji Hamada walianzisha karakana ya ufinyanzi mjini St Ives, Uingereza, mwaka 1920. Vyombo vya huko viligongwa muhuri wa herufi S na I kwenye udongo mbichi. Muhuri huo peke yake unataja karakana tu, kwani vyombo vya kawaida vilifinyangwa na mafundi wengi. Penye herufi BL pembeni yake, kazi huhesabiwa kuwa ya Leach mwenyewe.

Lakini muhuri huweza kughushiwa, kwa hiyo soma na udongo. Pitisha kidole ndani: chombo cha gurudumu huwa na michirizi inayopanda kwa kuzunguka, isiyolingana sawasawa. Cha kiwandani, kilichomiminwa kwenye kalibu, mara nyingi huacha mstari mwembamba wa kiungo ubavuni, na nembo yake huwa imechapwa kwa wino. Viwanda vingine huiga michirizi, hivyo linganisha vyombo viwili: ikifanana kabisa, ni kalibu.

Kukosa alama nako si hoja. Hamada, aliporudi Japani, aliacha kutia alama vyombo vyake. Saini aliiweka kwenye sanduku la mbao. Ukinunua chombo chake, usilitupe sanduku.