Kuhariri Kumbukumbu za Mzee wa Mvita

Mzee wa Mombasa amemsimulia mjukuu wake maisha yake, mjukuu ameyachapa, na mswada sasa uko kwa mhariri. Tuseme kifungu kimoja kinasomeka hivi:

"Nalikuwa mtoto mdogo. Baba akanitukua hadi bandalini ilitusafiri Lamu. Nahodha yuwateka, mimi nalia. Tuliporudi, nyanya alifariki."

Makosa ya tahajia ni mawili tu. "Bandalini" ni "bandarini", kwani mzee hutamka r yake sawasawa, na "ilitusafiri" ni maneno mawili yaliyogandana: "ili tusafiri". Hayo yasahihishwe bila kuuliza.

"Akanitukua" na "yuwateka" si makosa. Pale Kiunguja kinaposema chukua na cheka, Kimvita husema tukua na teka, kama vile macho ni mato na mchele ni mtele. Njia ya kutambua ni kufuatilia mswada mzima: kosa la kuchapa huja na kupotea, lahaja hurudi vilevile kila mara. Hatari kubwa ni kurekebisha nusu. Mhariri aliyezoea Kiswahili sanifu, ambacho Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wake mwaka 1928, akibadili "yuwateka" kuwa "anateka", nahodha atakuwa anateka maji. Ni afadhali neno libaki lilivyo, na maana yake iwekwe kwenye faharasa fupi mwishoni mwa kitabu.

Nyakati ndizo zinazotaka subira. "Yuwateka" na "nalia" ni za wakati uliopo ndani ya habari ya zamani, lakini hapo mzee anakiona kile kioja mbele yake. Ukiandika "alicheka, nilikuwa nikilia", umemtoa jahazini. Wala usiihesabu "akanitukua" kuwa kasoro. Hiyo -ka- inaegemea "nalikuwa" iliyotangulia, na itapoteza mshiko tu ikiwa sura mpya imeanza nayo bila tukio la kuitangulia.

Sentensi ya mwisho ndiyo mbovu kweli, ingawa sarufi yake ni safi. "Tuliporudi, nyanya alifariki" inaonyesha kwamba alikufa baada ya wao kufika. Je, ndivyo ilivyokuwa? Mhariri hawezi kukisia, na akiandika "alikuwa amefariki" kwa kubahatisha, huenda amebadili historia ya familia. Amuulize: "Babu, mlimkuta hai?" Mzee akijibu, "La, twalikuta washamzika," basi jawabu hilo ndilo sahihisho: "Twaliporudi twalikuta nyanya washamzika." Wakati umenyooka, na maneno ni yake.

Linabaki suala la "nalikuwa" na "nilikuwa" kuchanganyika kurasa zote. Kama kuna kanda, isikilizwe. Mzee akisema "nali-" na mjukuu akachapa "nili-", irudishwe "nali-". Ikiwa yeye mwenyewe huchanganya, kama wafanyavyo wengi waliosomea Kiswahili sanifu shuleni, zote mbili ziachwe.