Kukata Jedwali Bila Kubeba Maneno ya Jirani

Katika ukurasa wa PDF wenye safu mbili, programu inaweza kusoma mstari kuvuka safu zote, na maneno ya kushoto yakaingia kwenye jedwali la kulia. Dawa ni kukata kwanza, kusoma baadaye. Ukurasa wa A4 una upana wa pointi 595 hivi, kwa hiyo katikati ni karibu 298. Jedwali la kulia lenye mistari iliyochorwa hukatwa hivi kwa pdfplumber:

```python
page.crop((300, 120, 560, 330)).extract_table()
```

Namba hizo ni mipaka ya kushoto, juu, kulia na chini, zikipimwa kutoka pembe ya juu kushoto. Mpaka wa kushoto upite kwenye uwazi kati ya safu, kwani herufi iliyoguswa nao hubaki. Ukiona vipande vya maneno mwanzoni mwa mistari, usogeze kulia kidogo.