Mchungaji Anapoomba Miezi Minane

Mwezi Machi 2010 John Piper, mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Bethlehemu mjini Minneapolis, Marekani, aliwaandikia waumini kuwaeleza likizo aliyokuwa ameiomba kwa wazee wa kanisa, nao wakamkubalia: Mei 1 hadi Desemba 31. Alikuwa akikaribia miaka 30 katika kanisa hilo. Hapakuwa na kashfa wala ugomvi. Alisema anaona kiburi moyoni mwake, na kwamba kimeathiri uhusiano wake na mkewe na wengine awapendao. Si rahisi mtu maarufu kuandika hivyo.

Barua nyingi za kuomba likizo ya sabatiko husema tu kwamba mchungaji amechoka. Baraza lina haki ya kuuliza kwa nini likizo ya kawaida ya mwaka haimtoshi. Piper alilijibu swali hilo kwa kutaja atakayoyaacha: hataandika vitabu, hatahubiri wala kuitikia mialiko, isipokuwa michache aliyoieleza. Likizo yake ya sabatiko iliyotangulia aliitumia kuandika, kwa hiyo tofauti ilionekana wazi. Aliomba hata asilipwe mshahara, wazee wakakataa. Tena wakateua watu wa kumfuatilia.

Kuhusu muda, miezi minane ni mingi. Makanisa mengi huko hutoa mitatu hivi. Cha muhimu ni tarehe mbili, ya kuondoka na ya kurudi.

Kazi ipo kwenye zamu. Bethlehemu lilikuwa na wachungaji wengine. Sasa chukua usharika wa Kilutheri nchini Tanzania wenye mchungaji mmoja na mwinjilisti. Mwinjilisti ataongoza ibada na kuhubiri vizuri tu, lakini Chakula cha Bwana kinamhitaji mchungaji. Kwa hiyo barua imtaje mchungaji wa usharika jirani aliyekwisha kukubali, Jumapili atakazokuja, na nauli yake itatoka fungu gani. Ndoa nazo zina sheria: anayezifungisha lazima awe na leseni ya serikali. Wachumba waliokwisha kupanga tarehe wajulishwe mapema, wasije wakapata habari kadi zikiwa zimeshasambazwa. Na kama mchungaji ni mmoja wa watia saini benki, nafasi yake ijazwe kabla hajaondoka.

Linalovuruga mipango hii mara nyingi ni simu. Mzee wa kanisa akifiwa usiku, atampigia mchungaji aliyemzoea. Barua iseme nani atapokea simu za misiba, na ni mzee yupi peke yake mwenye ruhusa ya kumtafuta aliye likizoni, kwa mambo gani. Mchungaji akirudi kuzika mara moja tu, kwa heri kabisa, familia itakayofiwa wiki ijayo itauliza kwa nini kwao hakuja.