Gauni Moja, Watu Hamsini

Wikendi moja ya mwisho wa Machi 2015, wapenzi wa mitindo nchini Marekani walikutana na gauni lile lile kila walipofungua Instagram. Lilikuwa na nakshi zile zenye umbo la korosho ambazo mvaa kanga yeyote anazijua. Walioposti picha hizo walikuwa hamsini, wote watu wenye majina katika mitindo, na kila mmoja alikuwa amelivaa kwa namna yake. Aliyemfuata mmoja wao alidhani mwenzake kajipatia gauni na limempendeza. Aliyewafuata wanne au watano alidhani hilo ndilo gauni linalotamba msimu ule. Likanunuliwa hadi likaisha.

Mwaka uliofuata, Machi 2016, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilieleza hadharani kilichokuwa nyuma ya picha zile. Kampuni ya maduka ya Lord & Taylor, iliyokuwa ikizindua mkusanyo wake wa nguo ulioitwa Design Lab, iliwapa watu hao hamsini gauni bure na kumlipa kila mmoja kati ya dola 1,000 na 4,000 ili apige picha akiwa amelivaa na kuiposti wikendi ile ile. Mkataba uliwataka waandike @lordandtaylor na #DesignLab chini ya picha. Namna ya kulivaa waliachiwa wenyewe. Kabla picha hazijatoka, kampuni ilizipitia na kuziidhinisha, na baadhi ya maelezo ikayarekebisha. Kwa siku mbili tu, kampeni hiyo iliwafikia watumiaji milioni 11.4 wa Instagram.

Mkataba ule ulipangwa kwa makini sana. Jina la kampuni liliandikwa herufi kwa herufi, siku zikatajwa, idhini ikawekewa utaratibu. Kitu kimoja hakikutakiwa: mtu aseme kwamba amelipwa. Na katika picha zote hamsini hakuna hata moja iliyosema. Uongo wa maneno haukuwepo. Gauni lilikuwepo, waliolivaa walilivaa kweli, na huenda wengi wao walilipenda. Kilichofichwa ni mapatano, nayo ndiyo yanayobadilisha maana ya picha nzima. Mtu akikuambia kitu ni kizuri, unapima maneno yake kwa jinsi unavyomjua. Ukijua kwamba ametumwa na muuzaji, unayapima kwa kipimo kingine. Picha zile hamsini zilimnyima mtazamaji nafasi ya kuchagua kipimo.

Kampuni haikutozwa faini. Iliwekewa amri isirudie kuwaonyesha watu wanaolipwa kana kwamba ni wateja wa kawaida, na iwe na utaratibu wa kuwafuatilia wale inaowalipa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo nzito kwangu. Tumezoea kumlaumu staa peke yake, ilhali anayeandika mkataba, anayepitia picha na anayetoa fedha ndiye mwenye uwezo wa kudai neno moja liongezwe. Ikiwa anaweza kudai jina la bidhaa liandikwe bila kukosewa, anaweza pia kudai neno tangazo.

Kwa nini picha kama hizo zinatuingia kirahisi namna hii? Zamani sana kabla ya simu za mkononi, mwaka 1956, watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watangazaji wa redio na televisheni wanaozungumza na kamera kana kwamba wanazungumza na mtu mmoja aliyeketi mbele yao. Waliona kwamba mtazamaji hujenga ukaribu na mtu huyo, akamwona kama rafiki, ingawa rafiki mwenyewe hamjui. Leo ukaribu huo umezidi. Mtangazaji wa televisheni ulimwona jioni kwa saa moja. Huyu wa kwenye simu unamwona akiamka, akipika, akimsuka mtoto wake nywele, akilia msibani. Baada ya miezi kadhaa unamjua jina la mama yake mzazi. Akitoa kopo la krimu katikati ya maisha hayo, krimu inaingia sebuleni kwako pamoja na mama, mtoto na msiba. Tangazo la barabarani haliwezi kupata mlango huo kwa bei yoyote.

Basi mtu anaweza kusema dawa ni rahisi: waandike kwamba wamelipwa. Ugumu umo katika wapi na vipi.

Aprili 2017 tume ile ile ya Marekani iliwaandikia barua zaidi ya 90 watu maarufu na kampuni. Ilieleza jambo dogo ambalo wengi hawakulifikiria: mtu anayetazama Instagram kwenye simu kwa kawaida huona mistari mitatu ya mwanzo tu ya maelezo, na mingine hufunuka akibonyeza neno la kuendelea. Ukitaja malipo baada ya mistari hiyo mitatu, umeyataja mahali ambapo wengi hawafiki. Miaka mitatu baadaye, Machi 2020, jambo hilo hilo lilijitokeza katika kesi ya Teami, kampuni ya Florida iliyouza majani ya chai kwa ahadi kwamba yanapunguza uzito. Tume ilisema madai ya afya hayakuwa na ushahidi wa kuaminika, na kwamba baadhi ya mastaa waliolipwa kuyasifia waliweka taarifa ya malipo mahali pasipoonekana mpaka mtu abonyeze. Mtu aliyekuwa akisoma juu juu, kama tunavyosoma sote tukiwa kwenye daladala, aliona ushuhuda wa mwili uliopungua. Hakuona mkataba.

Neno lenyewe nalo lina uzito wake. Katika barua zile za 2017 tume ilisema kwamba vifupisho kama #sp, au shukrani kwa kampuni bila maelezo, havimtoshi mtazamaji kuelewa kwamba fedha imetolewa. Mwaka huo huo Nathaniel Evans na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha namna kadhaa za kuweka alama chini ya picha ya Instagram. Maneno yaliyosema wazi kwamba hili ni tangazo la kulipiwa ndiyo yaliyowasaidia zaidi watazamaji kutambua wanachokitazama. Lakini walioitambua na kuikumbuka alama hiyo waliipenda bidhaa kidogo zaidi, na hamu yao ya kuisambaza ilipungua. Hapo ndipo ilipo siri ya ile mistari iliyofichwa. Alama ikieleweka, inamgharimu muuzaji. Ndiyo maana wengi huiweka kwa namna inayotimiza wajibu bila kueleweka.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba hata alama iliyopo haiponyi maneno yaliyoandikwa juu yake. Juni 2021 Kim Kardashian aliwaambia wafuasi wake wa Instagram kuhusu sarafu ya kidijitali iliyoitwa EthereumMax. Aliandika kwamba huo si ushauri wa fedha, ila anawashirikisha alichoambiwa na marafiki zake. Mwishoni, katika msururu wa alama za reli, iliwekwa #AD. Alikuwa amelipwa dola 250,000. Oktoba 2022 tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana ya Marekani ilitangaza kwamba amekubali kulipa dola milioni 1.26, bila kukiri wala kukana kosa. Katika mali za aina hiyo sheria ya Marekani humtaka anayelipwa kusifia ataje pia kiasi alicholipwa, naye hakukitaja. Kwangu mimi, kisa hiki kinafundisha kuliko faini yake. Maneno ya juu yalisema marafiki, herufi mbili za chini zikasema tangazo, na msomaji akaachwa achague la kuamini. Wengi wetu huamini la kwanza.

Sasa turudi kwenye kurasa zetu za Kiswahili. Staa wa Dar es Salaam au Mombasa anaandika kwa Kiswahili fasaha, tena cha mtaani, kwamba wapendwa wangu sabuni hii imeniokoa, ngozi yangu mnaiona wenyewe, njooni mjipatie. Chini kabisa, baada ya namba ya simu na vijipicha vya moto na mioyo, kuna #ad au #collab. Sifa zote zimeandikwa kwa lugha ya mama, na onyo limeandikwa kwa lugha ya shule. Shangazi aliyenunua sabuni ile alisoma kila neno aliloweza kulisoma. Mwongozo ambao tume ya Marekani iliutoa Novemba 2019 kwa watu wanaolipwa mitandaoni unalisema hili bila kuzunguka: taarifa ya malipo iwe katika lugha ile ile ya sifa. Tena unaeleza kwamba kwenye video taarifa iwe ndani ya video yenyewe, si kwenye maelezo ya chini peke yake, na kwenye matangazo ya moja kwa moja irudiwe mara kwa mara, kwa sababu watu huingia katikati.

Hatuna udhuru wa msamiati. Tunasema tangazo. Tunasema nimelipwa. Tunasema nimepewa bure, maana bidhaa ya bure nayo ni malipo, sawa na kamisheni inayopatikana kila mtu anapotaja jina la staa ili apate punguzo. Yote hayo yanaeleweka na mtoto wa darasa la tatu, na lolote kati yake linatosha kuwa neno la kwanza la posti.

Wala hatuanzi bila sheria. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya, na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Kinachohitajika ni maelekezo mafupi yanayosema malipo yatajwe wapi, kwa lugha gani na nani atawajibika, kisha kampuni zinazotoa mikataba ziwe za kwanza kuulizwa.

Wakati huo msomaji ana macho. Bidhaa moja ikitokea kwa watu watano wasiohusiana ndani ya siku mbili, na wote wakiandika jina lake kwa namna moja, huo si mkumbo wa kawaida. Mtu asiyewahi kutaja dosari hata moja ya kitu anachokisifia, au aliyesifia krimu tatu tofauti kwa miezi mitatu na kila moja ikawa ndiyo iliyomwokoa, anakueleza jambo bila kulitamka. Ukiona hivyo, usimtukane. Andika pale pale chini ya picha, kwa adabu na mahali ambapo wengine wataona: dada, umelipwa kwa hili? Kisha subiri jibu kabla hujatoa fedha.