Sekunde tano kabla Idi hajasema

Chukua tukio moja la filamu fupi, nililolibuni kwa ajili ya makala hii. Ni usiku. Asha anasuka mkeka, redio inapiga taarabu. Mlango unagongwa mara tatu, unafunguliwa kwa kukwaruza. Nje amesimama kijana mrefu, shati la buluu limelowa, mguu mmoja hauna kiatu, mkononi ana bahasha ambayo anaisukumia haraka ndani ya shati. Zinapita sekunde tano bila neno, kisha anasema: “Usimwambie mama kwamba nimekuja usiku huu.”

Asiyeona husikia kila kitu isipokuwa bahasha. Kiziwi huiona bahasha, lakini hajui kama mlango umegongwa, wala kijana amesema nini. Wa kwanza huandikiwa maelezo ya sauti, yaani sentensi fupi ambazo msimulizi huzisoma pale wahusika wanaponyamaza. Wa pili huandikiwa manukuu chini ya picha.

Tuanze na maelezo. Mwandishi mgeni wa kazi hii ataandika: “Asha anafungua mlango. Nje kuna kijana mrefu mwenye shati la buluu lililolowa. Amekasirika, ameshika bahasha.” Isome kwa sauti ukiwa na saa. Kwa mwendo wa kawaida wa msimulizi itakula sekunde saba au zaidi, nasi tunazo tano. Zikizidi, msimulizi atamfunika Idi, na sentensi iliyobeba hadithi nzima itapotea.

Kwa hiyo tunapunguza. Mlango umekwisha kusikika ukikwaruza, basi hauna haja ya kutajwa. Rangi ya shati haibadilishi chochote. “Amekasirika” ni hukumu ya mwandishi. Kama midomo imebanwa, sema midomo imebanwa, mtazamaji ataamua mwenyewe. Kinachobaki ni hiki: “Nje, kijana amelowa, hana kiatu. Anaficha bahasha shatini.” Maneno manane, na pumzi inabaki. Mguu mmoja tu ndio mtupu, lakini kwa nafasi iliyopo inatosha kusema hana kiatu. Bahasha haiwezi kuachwa, kwa sababu baadaye ndiyo itakayofichua aliyeiba. Angalia pia kwamba nimesema “kijana”, sikusema Idi. Wanaoona bado hawajui jina lake mpaka Asha alitaje, na asiyeona hapaswi kulijua kabla yao.

Jina likishatajwa, litumie bila kuogopa kulirudia. Katika Kiswahili “anamsukuma ndani” haisemi nani anamsukuma nani, wala kama ni mwanamke au mwanamume. Anayetazama picha hahitaji kuambiwa. Anayesikiliza tu huachwa njia panda. “Asha anamsukuma Idi ndani” inamaliza mashaka.

Pengine kimya hakitoshi kabisa. Hapo taarifa husogezwa kwenye kimya cha nyuma kidogo, mradi isifichue siri mapema. Katika video ya mtandaoni picha inaweza kusimamishwa msimulizi amalize, jambo lisilowezekana katika ukumbi wa sinema.

Manukuu nayo yana kipimo chake. Miongozo mingi huruhusu mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, na kasi ya takriban herufi 17 kwa sekunde. Sentensi ya Idi ina herufi 42 kamili, hivyo inahitaji kama sekunde mbili na nusu. Katika faili la manukuu inaonekana hivi:

```
14
00:02:11,000 --> 00:02:13,000
[Mlango unagongwa mara tatu]

15
00:02:20,000 --> 00:02:22,500
Usimwambie mama
kwamba nimekuja usiku huu.
```

Mstari umekatwa kabla ya “kwamba”, pale wazo linapogeuka. Ukiliacha “kwamba” likining'inia mwisho wa mstari wa juu, jicho litajikwaa. Mabano ya mraba hubeba sauti zisizo maneno, na hapa ndipo uvivu huonekana zaidi. Kuandika “[muziki]” hakumwambii kiziwi kitu. “[Taarabu redioni]” humweka ndani ya chumba kile. Asha akiizima redio ili amsikie mgeni, andika “[redio inazimwa]”. La sivyo, kiziwi ataendelea kudhani taarabu inapigwa.

Viziwi wengi wamekulia Lugha ya Alama, na Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili. Ndiyo maana napendelea kasi ya chini kuliko ile ambayo miongozo inaruhusu.

Mwisho kazi hujaribiwa na wenyewe. Margaret Pfanstiehl, aliyeanzisha maelezo ya sauti katika ukumbi wa michezo wa Arena Stage mjini Washington mwaka 1981, alikuwa hana uwezo wa kuona vizuri. Mkalishe asiyeona asikilize filamu nzima, kisha mwombe akusimulie. Akikuuliza ile bahasha ilitoka wapi, rudi kwenye sekunde zile tano.